Kovu la Ndani Halijui Arobaini

Leo naanza na hesabu ya miezi, kwa sababu humo ndimo wengi wetu tunamoteleza.

Ukimuuliza mtu yeyote kituo cha daladala watoto wapishane kwa muda gani, atakujibu bila kufikiri: miaka miwili. Amejibu sawa, ila ukimwambia ahesabu, utaona anahesabu vibaya. Anatoka siku ya kuzaliwa mtoto wa kwanza mpaka siku ya kuzaliwa wa pili. Shirika la Afya Duniani lilipowakutanisha wataalamu Geneva mwaka 2005, walichokubaliana ni kwamba mama aliyejifungua mtoto hai asubiri angalau miezi 24 ndipo aanze kutafuta mimba nyingine. Kutafuta mimba, wasikilizaji, si kuzaa. Ukiongeza na ile miezi tisa, mtoto wa kwanza anakuwa na miaka miwili na miezi tisa wakati mdogo wake anapozaliwa. Anayehesabu kuzaliwa hadi kuzaliwa anajikuta amebeba mimba mwezi wa 15, na bado anaamini ametii ushauri wa kliniki.

Kwa aliyezaa kawaida, pengo hilo la miezi lina uzito wake. Kwa aliyezaa kwa kisu lina uzito zaidi, na huyo ndiye nitakayekaa naye jioni hii.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Ni wa kubuni, lakini mkunga yeyote wa Dar es Salaam atakwambia anamfahamu. Kifungua mimba wake alitanguliza matako, daktari akaamua upasuaji, mtoto akatoka salama tarehe 10 Januari 2024. Mama akaenda kulelewa uzazi kwa mama yake mzazi. Akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akanenepa. Arobaini ilipotimia mshono ulikuwa mstari mwembamba mkavu ambao hata akiugusa hausikii kitu. Kila aliyeuona alisema, umepona mwanangu. Akarudi kwa mumewe.

Mwezi wa nne akarudi kwenye biashara yake ya chapati na maharage. Mtoto akabaki kwa bibi yake mchana, akipewa maji na uji mwepesi, na jioni ananyonya. Hedhi ilikuwa bado haijarudi, kwa hiyo mama hakuwa na wasiwasi. Katikati ya Septemba akaanza kuchukia harufu ya mafuta ya kukaangia. Mimba ilikuwa imeingia, miezi saba baada ya upasuaji.

Majirani watapiga hesabu zao: huyu mdogo atazaliwa mwanzoni mwa Mei 2025, mkubwa atakuwa anakaribia miezi 16, anatembea tayari, kwani tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kizazi hakihesabu hivyo. Kizazi kinahesabu kutoka siku kilipochanwa mpaka siku kilipoanza kubeba tena, na hapo ni miezi saba tu.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana watu wengi wakisikia mshono wanafikiria ule wa kwenye ngozi. Ili kumfikia mtoto, daktari anapita ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, halafu ngozi laini inayofunika matumbo, ndipo anakutana na mfuko wa uzazi. Huo nao anauchana, mara nyingi kwa mkato wa kulala sehemu ya chini, ambako ukuta ni mwembamba na hautumiki sana wakati wa uchungu. Akishamtoa mtoto na kondo la nyuma, anaushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Siku hiyo mfuko wa uzazi una uzito wa karibu kilo moja. Baada ya wiki sita umesinyaa mpaka chini ya gramu 100. Kwa hiyo kidonda cha ndani kinapona huku nyama yenyewe inajikunja na kubadilika umbo kila siku, na pale ulipopita wembe hapaoti msuli kama ule wa mwanzo. Panaota kovu.

Ngozi inafunga ndani ya wiki mbili hivi. Kizazi ni kama zege: juu linaonekana limekauka siku chache tu baada ya kumwagwa, lakini fundi mwenye akili hatoi mbao za chini wala hapandishi matofali juu yake. Madaktari waliowafuatilia kina mama kwa mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku waliona kwamba tabaka za ukuta wa kizazi zinahitaji angalau miezi sita kurudia mpangilio wake. Na hiyo ni miezi sita kizazi kikiwa kitupu, kimepumzika. Hakuna picha inayoweza kukwambia kovu hilo litastahimili vipi likivutwa na mtoto wa kilo tatu na nusu na uchungu wa saa kumi.

La kustahimili uchungu tunalijua kwa kuwatazama waliolijaribu. Kwa mama aliyepasuliwa mara moja kwa mkato wa kulala, akajaribu kuzaa kawaida mimba inayofuata, kizazi hupasuka kwa wastani wa kina mama watano hadi tisa kati ya 1,000. Sasa urefu wa muda unaingiaje? Kule Boston, Marekani, watafiti walipitia kumbukumbu za miaka mingi za wanawake wa aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliozaa tena ndani ya miezi 18 tangu upasuaji, kizazi kilipasuka kwa wanawake 22 hivi kati ya 1,000. Waliokaa zaidi ya hapo, ni kama kumi. Zaidi ya mara mbili. Tafiti nyingine za baadaye zilipata tarakimu tofauti, lakini mwelekeo ni uleule: muda mfupi, kovu dhaifu.

Msikilizaji mmoja hapo ulipo tayari unasema, kumbe 978 hawakupata shida. Kweli kabisa, na sipendi tuwatishe watu kwa kuficha hilo. Mama wa mfano wetu ana nafasi kubwa ya kumalizana na mimba yake salama. Ila jiulize hao 22 walikuwa wapi. Walikuwa kwenye hospitali kubwa, mashine inasikiliza moyo wa mtoto muda wote, chumba cha upasuaji kiko hatua chache, damu iko kwenye friji. Kizazi kikipasuka, mtoto anahesabiwa dakika. Mwanamke huyohuyo mweke kwenye zahanati yenye mkunga mmoja, gari la wagonjwa limekwenda mjini, barabara ya tope, ndipo utaona kwamba hatari ya wachache kati ya 1,000 haifanani kila mahali.

Kupasuka kwenyewe hakuji siku zote kwa kishindo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, jambo ambalo mama mwenyewe hawezi kulihisi. Ndiyo maana tunasisitiza awe mahali penye mtu wa kumsikiliza mtoto. Yale anayoweza kuyahisi ni maumivu juu ya kovu yasiyoachia hata uchungu unapotulia, kwa sababu uchungu wa kawaida unakuja na kwenda, huu unabaki. Damu inaweza kutoka ukeni, na inaweza isitoke ikajaa tumboni, mama akasikia maumivu begani, akaona kizunguzungu, jasho la baridi. Na kuna jambo moja linalowadanganya wasaidizi wasio na uzoefu: uchungu uliokuwa mkali unakatika ghafla, na kichwa cha mtoto kilichokuwa kimeshuka kinarudi juu. Watu wanasema afadhali, amepumzika. Hajapumzika huyo.

Nikitaja uchungu, lazima nitaje dawa za kuuongeza. Kuna za mitishamba ambazo mama mkwe huwa anazo kwenye kopo, kwa nia njema kabisa, na kuna vidonge vya misoprosto vinavyopatikana dukani kwa mlango wa nyuma. Mwenye kovu kwenye kizazi, mimba ikiwa kubwa, asivinywe hivyo wala asiwekewe kuanzisha uchungu. Vinakaza kizazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipunguza vikishaingia mwilini. Mama mkwe ninakuheshimu, shikamoo yako, lakini kopo hilo kwa huyu mkwe lifungwe.

Sasa wapo wanaosema, basi mimi sijaribu kawaida, nitapasuliwa tena, hatari si imekwisha? Ya kupasuka inapungua sana, hilo ni kweli. Lakini linabaki la kondo, na ninaona halizungumzwi kabisa kwenye kliniki zetu.

Mimba ikitunga, kondo la nyuma linatafuta pa kujishika. Likikuta kovu, linaweza kukaa chini, juu ya mlango wa kizazi au karibu yake. Mimba ikiingia muda mfupi baada ya upasuaji, hasa ndani ya mwaka wa kwanza, jambo hilo linaongezeka. Kondo likikaa juu ya kovu lenyewe, kuna wakati linaota mizizi ndani ya ukuta wa kizazi, kwa sababu ule utando wa kulizuia haupo tena pale. Mtoto akitolewa, kondo halibanduki. Ukilivuta, damu inatoka kama bomba, na mara nyingi pona yake ni kukitoa kizazi chote.

Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 ulilipima jambo hili vizuri. Mwanamke ambaye kondo limeziba njia na anakwenda kwenye upasuaji wake wa pili, uwezekano wa kondo hilo kuwa limeota ndani ni 11 kati ya 100. Akiwa anakwenda wa tatu, ni 40 kati ya 100. Zingatieni, hao ni wale tu ambao kondo limeziba njia, si kila aliyepasuliwa. Lakini mnaona wenyewe ngazi inavyopanda. Mama anayebeba haraka haraka na kupasuliwa kila mara anafika kisu cha tatu akiwa na miaka 25, bado anataka watoto, na kizazi chake kimeshakuwa cha kuogopwa.

La damu nitalipita upesi. Upasuaji humwaga damu nyingi kuliko uzazi wa kawaida, yaweza kufika hata lita nzima, na akiba ya madini chuma hairudi kwa mwezi mmoja wa maini na mchicha. Anayebeba mwezi wa saba anaingia kwenye mimba na ghala tupu. Akifika siku ya upasuaji wa pili akiwa na damu ya 8, badala ya 11 na zaidi, kila kikombe kinachomwagika kinamuuma mara mbili.

Hapa nataka nimgeukie yule mtoto wa kwanza, maana Waswahili tulikuwa na mawazo yetu juu yake muda mrefu kabla ya Geneva. Tunasema amebemendwa. Mtoto ananyonya, mama amebeba mimba nyingine, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, watu wanaangalia wazazi kwa jicho la lawama. Wazee walichokiona kwa macho ni cha kweli: mtoto aliyepishwa upesi na mdogo wake anadhoofu. Sababu waliyoitoa ndiyo haipo. Maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu. Yanapungua mimba inapokua, na mwishoni yanabadilika kuwa yale ya mwanzo ya manjano kwa ajili ya mgeni, lakini hayamdhuru anayenyonya. Kinachomdhuru ni kuachishwa ziwa ghafla akiwa na miezi minane, kwa hofu hiyo hiyo ya kubemendwa, akabaki na uji wa maji na sukari. Mama wa mfano wetu asimnyang'anye mtoto ziwa. Aendelee kumnyonyesha, na mtoto aongezewe chakula kizito chenye yai, dagaa, karanga, maharage. Daktari akiona dalili za uchungu wa mapema au kutokwa damu atamwambia aache, na hapo ataachisha kwa utaratibu.

Kuna mama mwingine ambaye tunamsahau kabisa katika mazungumzo haya. Ni yule aliyepasuliwa na mtoto hakuishi. Huyu ndiye anayebeba mapema kuliko wote, na sababu naielewa. Amerudi nyumbani na kidonda na mikono mitupu, maziwa yanamtoka, hana anayemnyonya kwa hiyo yai linaweza kupevuka ndani ya wiki nne tu. Mawifi wanamfariji kwa kumwambia utapata mwingine, na wanataka wamwone ana tumbo kabla ya mwaka kwisha. Pengine hata wauguzi tulimwambia hivyohivyo. Jamani, kovu halijui kama mtoto aliishi. Miezi ya kupona ni ileile. Mama huyu anahitaji kupewa njia ya kuzuia mimba sawa na mwenzake mwenye mtoto kifuani, na apewe na mtu anayejua kuketi naye kwanza kabla ya kumwonyesha vidonge. Baba wa nyumba hiyo naye aelezwe, kwa sababu akielewa yeye, mawifi watanyamaza.

Aliyeharibikiwa na mimba changa bila kupasuliwa yuko kwenye hesabu tofauti. Geneva walisema miezi sita, lakini utafiti wa Uskoti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliobeba kabla ya miezi sita hawakupata madhara zaidi. Huyo asitishwe na miezi 24 ya watu wengine. Na aliyepasuliwa akiwa tayari na miaka 39 naye anahitaji kukaa na daktari wake wapime pamoja, kwa kuwa kusubiri nako kuna gharama katika umri huo. Wengi watakubaliana kwenye mwaka mmoja na nusu.

Turudi kwa mama yetu wa chapati. Alibebaje? Aliambiwa kunyonyesha kunazuia mimba, na ni kweli kunazuia, vizuri sana, kwa wanawake 98 kati ya 100, ila kwa masharti matatu yaliyofungwa kamba moja. Mtoto awe chini ya miezi sita. Asipewe kitu kingine chochote, hata maji, anyonye mchana na usiku. Na hedhi iwe haijarudi. Likivunjika moja, kamba imekatika. Yake ilikatika mwezi wa nne, bibi alipokoroga uji. Naye alikuwa anasubiri hedhi imwambie kwamba kizazi kimeamka, wakati yai la kwanza hutangulia, hedhi ikafuata baadaye. Yai hilo likitunga mimba, hedhi huioni.

Kama ningekuwa naye kliniki ya ujauzito wa kwanza, ningemuuliza hivi mapema: siku ya kujifungua, ungependa utoke na njia gani? Kwa anayepasuliwa kuna nafasi nzuri ambayo wengi hawaijui. Daktari anaweza kuweka kitanzi kupitia mkato uleule, kwa mkono wake, kabla hajashona kizazi. Haichukui hata dakika tano, hakuna maumivu mengine, na kinakaa miaka kumi au mpaka utakaposema kitolewe. Nyuzi zake huenda zisionekane mlangoni baadaye, usibabaike, watakutazama kwa ultrasaundi. Nafasi hiyo ikipita, kitanzi kinawekwa ndani ya saa 48, au usubiri mpaka wiki ya nne. Vijiti vya mkononi unaweza kuwekewa kabla ya ruhusa ya kutoka wodini hata kama unanyonyesha. Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, ianze wiki ya sita, na ajue kwamba akiiacha uzazi unachelewa kurudi, pengine miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Vile vidonge vya kawaida vya majira, vya vichocheo viwili, vingoje mtoto afikishe miezi sita. Kama jambo limetokea bila kinga, vipo vidonge vya dharura vya dukani, P2 kama mnavyoviita, na kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofanya kazi.

Jambo jingine analotakiwa kutoka nalo wodini ni karatasi. Muulize daktari kwa sauti: kizazi changu mmekikata vipi, na kwa nini? Aandike kwenye kadi. Mkato wa ngozi haukwambii kitu, maana ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala, kizazi kikakatwa kwa kusimama. Kizazi kilichokatwa kwa kusimama sehemu ya juu hupasuka mara nyingi zaidi, karibu kina mama wanne hadi tisa kati ya 100, na mwenye mkato huo haruhusiwi kabisa kujaribu kawaida. Nimewaona kina mama wanaofika na uchungu usiku, hospitali nyingine, hawana karatasi, na daktari aliye zamu inabidi akisie. Hakuna kukisia kubaya kama huko.

Haya, mimba imeshaingia. Ni Septemba, hana karatasi ya kipimo bado, anaogopa. Anaogopa nini? Sisi. Nesi wa dirishani atakayemwambia mbele ya foleni, mama we, mtoto bado hajakauka kitovu umebeba tena? Nawaomba wenzangu wa kazi, neno hilo tuliache. Mwanamke aliyetukanwa hivyo anarudi nyumbani na kuja tena akiwa na miezi sita, wakati nafasi nzuri ya kumsaidia ilikuwa wiki ya saba. Wiki hizo za mwanzo ndipo ultrasaundi inapoweza kuonyesha kama mimba imejipachika ndani ya kovu lenyewe. Hutokea kwa nadra, lakini ikiachwa inaweza kupasua kizazi mapema. Na kwa kuwa hakuwa anaona siku zake, ultrasaundi hiyohiyo ndiyo itakayompa tarehe. Bila tarehe, kila mpango wa mbele ni wa kubahatisha.

Apimwe damu siku hiyo ya kwanza, aanze vidonge vya madini chuma na foliki asidi, na asivimeze na chai. Kufikia wiki ya 20 aangaliwe tena, safari hii swali liwe moja: kondo liko wapi? Likiwa chini, arudie wiki ya 32, kwa sababu mara nyingi kizazi kinavyopanuka kondo linapanda nacho. Likibaki chini, tena upande wa mbele palipo na kovu, asizalie hospitali ya wilaya. Apewe rufaa ya mapema kwenda penye madaktari bingwa na benki ya damu, aende akiwa anatembea kwa miguu yake. Damu yoyote itakayotoka, hata bila maumivu, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kwa mama yetu kondo lilikuwa juu, nyuma, mbali na kovu. Amebahatika. Swali likabaki moja: kawaida au kisu? Sababu ya kisu cha kwanza ilikuwa mtoto kutanguliza matako, na safari hii mtoto ametanguliza kichwa. Kwa sababu hiyo peke yake, na kama angekuwa amekaa miaka miwili na nusu, ningemwambia ajaribu kawaida kwenye hospitali yenye uwezo. Lakini kati ya kisu na kuzaa kuna miezi 16 tu, na hospitali iliyo karibu naye haina mashine ya kumsikiliza mtoto muda wote. Daktari alimshauri upasuaji wa kupangwa, na mimi ningesema hivyohivyo.

Upasuaji wa kupangwa hufanywa wiki ya 39, si ya 37 kwa kuwa mume ana likizo, maana mapafu ya mtoto yanazihitaji hizo wiki mbili. Tarehe yake ya kujifungua ni 3 Mei 2025. Wiki ya 39 inatimia Jumamosi tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, hospitali iko na watu wa zamu tu. Wakampangia Jumatatu tarehe 28. Lakini uchungu hauna kalenda, kwa hiyo kuanzia wiki ya 36 ahamie kwa shangazi yake anayekaa dakika chache kutoka hospitalini, kadi iwe kwenye mkoba, na namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku iwe kwenye simu mbili, yake na ya mumewe. Ukianza kabla ya Jumatatu, hata kama ni kidogo, asisubiri uchanganye. Aondoke. Ndugu wawili wawe wamekwenda kuchangia damu wiki moja kabla.

Na fomu ya kitanzi aisaini sasa, kliniki, akiwa ameketi na mumewe na wote wawili wamekula. Akiisaini, nesi aandike kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, ili daktari aione kabla hajaanza kushona.